Kupigania Nusu Pointi: Jinsi Wachezaji wa Go Wanavyopima Hatua za Mpakani

Mchezo wa Go ukifika karibu kete ya 200, mtazamaji asiyeujua hudhani umekwisha. Vita vikubwa vimetulia. Makundi yaliyo hai yanajulikana, na yaliyokufa yanasubiri tu kuondolewa ubaoni. Wachezaji wenyewe, hata hivyo, wameinama zaidi kuliko mwanzo, midomo ikicheza kidogo kama ya mtu anayehesabu sadaka. Wanahesabu kweli. Wamefika sehemu ambayo Wajapani huiita yose, umaliziaji wa mipaka, ambamo kila kilichobaki kinaweza kupimwa kwa namba, na aliyekosea kupima anaweza kupoteza mchezo alioushika mkononi saa tatu nzima.

Kwa asiyeujua mchezo huu, maelezo machache yanatosha. Ubao una mistari 19 kwenda juu na 19 kwenda pembeni, na kete huwekwa kwenye njia panda zake, ambazo ni 361. Mmoja ana kete nyeusi, mwenzake nyeupe, nasi tutawaita Mweusi na Mweupe. Wanaweka kete moja moja kwa zamu, na kete ikishawekwa haisogei tena kama zinavyosogea kete za bao la Kiswahili. Njia panda tupu inayogusana na kete ni pumzi yake. Wachina nao huiita hivyo hivyo, pumzi. Kundi lililozibwa pumzi zote linatekwa na kuondolewa. Mwishoni kila mchezaji huhesabu njia panda tupu alizozizungushia kete zake, na kila moja ni pointi. Kwa hesabu ya Kijapani, ambayo tutaitumia hapa, kila mateka naye ni pointi. Kwa kuwa Mweusi ndiye anayeanza, Mweupe hupewa fidia inayoitwa komi. Japani na Korea siku hizi fidia hiyo ni pointi 6.5, na ile nusu imewekwa ili pasiwe na sare.

Sasa tuuangalie ubao mmoja ulio karibu kwisha. Ni zamu ya Mweusi, na zimebaki sehemu nne tu zenye maana.

Mahali pa kwanza, kona ya juu kulia, kete tatu za Mweupe zimebakiwa na pumzi moja. Mweusi akiiziba, anaziteka. Mweupe akiweka kete yake hapo, zinaungana na wenzao na kupona.

Mahali pa pili, upande wa kushoto, mambo ni kinyume: kete mbili za Mweusi ndizo zenye pumzi moja. Mweupe anaweza kuziteka, au Mweusi aziokoe.

Mahali pa tatu, ukingo wa chini, ukuta wa Mweusi na ukuta wa Mweupe umekutana kwenye mstari wa pili kutoka ukingoni, na mstari wa kwanza bado ni mtupu. Hakuna aliyefunga mlango wa chini.

Mahali pa nne, ukingo wa juu kushoto, hali inafanana na ya tatu, isipokuwa ukuta wa Mweupe una ufa. Tutaona ufa huo unavyobadili hesabu.

Tuseme kwamba kete zote zenye pumzi moja zikiokolewa, na Mweupe akiwahi mahali pa tatu na pa nne, pointi zao zinalingana kabisa, 58 kwa 58. Maana yake Mweusi anatakiwa kuchuma pointi 7 kutoka sehemu hizi nne ili aivuke ile fidia ya 6.5. Akipata 7, ameshinda kwa nusu pointi. Akipata 6, ameshindwa kwa nusu pointi. Aanzie wapi?

Watu wengi wanaojifunza huenda moja kwa moja mahali pa pili. Kete zangu ziko hatarini, ni lazima niziokoe. Wengine, waliokomaa kidogo, huenda mahali pa kwanza kwa sababu kuteka kete tatu kunaonekana kukubwa kuliko yote. Wote hao wanashindwa mchezo huu, na kisa chake kinaonekana tukipima sehemu moja moja.

Kipimo cha kwanza ni kile ambacho Wajapani hukiita deiri, yaani kutoka na kuingia. Huulizi tu, nikiweka hapa nitapata nini. Unauliza maswali mawili: nikiwahi mimi itakuwaje, na akiwahi yeye itakuwaje? Tofauti kati ya hali hizo mbili ndiyo ukubwa wa hatua.

Mahali pa kwanza ni rahisi. Mweusi akiteka, anapata mateka watatu, na zile njia panda tatu walizosimama zinakuwa eneo lake. Kila kete iliyotekwa inaleta pointi mbili, kwa hiyo jumla ni 6. Mweupe akiwahi kuziokoa, Mweusi hapati kitu, na Mweupe naye haongezi eneo, amekoa tu. Tofauti ni pointi 6. Kwa hesabu hiyo hiyo, mahali pa pili pana kete mbili, basi ukubwa wake ni pointi 4.

Mahali pa tatu panahitaji jicho la makini zaidi. Tuipe mistari ya wima herufi, kama zilivyo kwenye ubao halisi. Kete za Mweusi ziko mstari wa pili kwenye C, D na E. Za Mweupe zimeendeleza kwenye F, G na H. Mweusi akiwahi, anapinda chini ya ukuta wa mwenzake na kuweka F1. Mweupe anamzuia kwa G1. Kete ya F1 sasa imebaki na pumzi moja, hivyo Mweusi anaiunga kwa E1. Mpaka umefungwa. Eneo la Mweusi kwenye mstari wa kwanza linafika D1, na la Mweupe linaanzia H1.

Akiwahi Mweupe, picha inageuka. Anapinda E1, Mweusi anazuia D1, Mweupe anaunga F1. Sasa eneo la Mweusi linaishia C1 na la Mweupe linaanzia G1. Linganisha picha mbili: Mweusi amepoteza pointi moja, ile ya D1, na Mweupe ameongeza moja, ile ya G1. Tofauti ni 2. Hapa ndipo kosa la kawaida la hesabu linapojificha. Anayetazama upande wake tu huona pointi moja, akapuuza ile ambayo mwenzake ameiongeza. Katika Go, pointi anayoipata mpinzani ina uzito ule ule wa pointi uliyoipoteza wewe, na zote mbili lazima ziingie kwenye daftari.

Mahali pa nne, hatua ni zile zile za kupinda, kuzuia na kuunga. Lakini hapa Mweupe hana kete nyuma ya ukuta kwenye njia panda inayolingana na G2. Mweusi akipinda, Mweupe akazuia, Mweusi akaunga, ile kete iliyozuia inabaki ikining'inia. Mweusi akiweka kete kwenye ule ufa, ataikata na kuiteka, kisha ataingia ndani na kuvuruga eneo la Mweupe kwa zaidi ya pointi 10. Basi Mweupe hana budi kuziba ufa, na kete ya kuziba inakula njia panda moja ya eneo lake mwenyewe. Mweupe akiwahi yeye, akapinda na kuunga, ule ufa haumhitaji kuuziba tena, kwa kuwa kete aliyoungia imeziba mlango wa kuufikia. Kwa hiyo tofauti upande wa Mweusi ni pointi 1, na upande wa Mweupe ni pointi 2. Jumla 3.

Orodha yetu sasa ni 6, 4, 2 na 3. Anayesoma orodha hii harakaharaka atasema: ya kwanza 6, ya pili 4, ya tatu 3, ya mwisho 2. Huo ndio mtego, kwa sababu namba hizi nne hazijapimwa kwa mizani moja. Bado hatujauliza kila hatua inagharimu nini, na gharama katika Go ni moja tu, nayo ni zamu.

Mweusi akiteka kete tatu mahali pa kwanza, kazi pale imekwisha, na Mweupe yuko huru kwenda anakotaka. Mweusi ameilipia hatua ile kwa zamu yake. Wajapani husema hatua ya namna hiyo ni gote, mkono wa nyuma. Mahali pa pili na pa tatu pako vivyo hivyo, awahi yeyote kati yao. Lakini Mweusi akianza mahali pa nne, anaweka kete mbili na Mweupe analazimika kuweka mbili, na wakimaliza zamu imerudi kwa Mweusi. Amepata pointi zake bila kulipa chochote. Hiyo ni sente, mkono wa mbele.

Ndiyo maana hatua ya gote hugawanywa kwa mbili. Pale pa pointi 6, mizani inasimama katikati: kabla hajaweka mtu, kila mmoja ana nafasi sawa ya kuwahi, kwa hiyo Mweusi anaweza kujihesabia pointi 3 kana kwamba ziko mfukoni. Akiwahi yeye, zinapanda kutoka 3 hadi 6. Akiwahi mwenzake, zinashuka kutoka 3 hadi 0. Zamu moja inasogeza hesabu kwa pointi 3 tu. Pale pa pointi 4, zamu inasogeza 2. Pale pa pointi 2, inasogeza 1.

Mahali pa nne hapagawanywi. Kwa kuwa Mweusi anaweza kuzichukua zile pointi 3 wakati wowote bila kupoteza zamu, zinahesabiwa kuwa zake tangu sasa, zote tatu. Akizichukua, hesabu haisogei. Amepokea tu deni lake. Lakini Mweupe akiwahi mahali hapo, anazifuta zote tatu kwa zamu moja. Hatua hiyo ya Mweupe, kuizuia sente ya mwenzake kabla haijachezwa, huitwa sente ya kinyume, na thamani yake kwa zamu ni pointi 3 kamili. Kwa mizani ya zamu, inalingana na kuteka zile kete tatu ambazo tulizipima 6.

Basi orodha sahihi, kwa kipimo cha zamu moja, ni hii: mahali pa kwanza 3, pa nne 3 kwa Mweupe na bure kwa Mweusi, pa pili 2, pa tatu 1.

Tuucheze sasa mchezo wenyewe. Mweusi anaanza mahali pa nne. Anapinda, Mweupe anazuia, anaunga, Mweupe anaziba ufa. Pointi 3 zimeingia na zamu bado ni yake. Anateka kete tatu, pointi 6, jumla 9. Mweupe anateka zile kete mbili upande wa kushoto na kuchuma pointi 4, jumla inashuka hadi 5. Mweusi anamalizia ukingo wa chini, pointi 2, jumla 7. Ondoa fidia ya 6.5. Mweusi ameshinda kwa nusu pointi.

Tumrudishe yule aliyevutiwa na kete tatu. Anaziteka kwanza, pointi 6. Mweupe anayejua hesabu haendi kuteka kete mbili, ingawa ziko wazi mbele yake. Anaenda mahali pa nne na kuizima ile sente. Hapo Mweusi hapati kitu. Mweusi anaokoa kete zake mbili, na Mweupe anamalizia ukingo wa chini. Jumla ya Mweusi ni 6. Ameshindwa kwa nusu pointi, na kosa lake lote ni kwamba alianza na hatua kubwa akaiacha ya bure isubiri.

Yule aliyekimbilia kuokoa kete zake mbili anaumia zaidi. Hata tukimpa busara ya kucheza sente yake kwanza, pointi 3, halafu akaziokoa kete mbili, Mweupe ataokoa zake tatu, na Mweusi atabakiwa na ukingo wa chini, pointi 2. Jumla 5. Hofu ya kupoteza kete mbili imemgharimu pointi 2, kwa kuwa zamu iliyokuwa na thamani ya 3 aliitumia mahali penye thamani ya 2, na mwenzake akaiokota ile kubwa.

Uzuri wa kipimo cha zamu ni kwamba kinamwambia mchezaji anasimama wapi hata kabla hajaweka kete. Kabla ya hatua ya kwanza, Mweusi anaweza kuhesabu hivi: mahali pa kwanza nina 3, mahali pa pili nina hasara ya 2, pa tatu nina 1, na pa nne nina 3. Jumla ni 5. Zamu ni yangu, na zamu ina thamani, takriban nusu ya hatua kubwa iliyobaki, yaani pointi moja na nusu. Basi ninasimama karibu na 6.5, ambayo ndiyo fidia yenyewe. Mchezo umekaa kwenye ncha ya sindano, na mpangilio wa hatua ndio utakaoamua.

Mchezaji aliyesifika kuliko wote kwa hesabu ya aina hii ni Mkorea Lee Chang-ho, aliyezaliwa mwaka 1975 katika mji wa Jeonju. Alifundishwa na bingwa Cho Hun-hyun, akiishi nyumbani kwa mwalimu wake, na akawa mchezaji wa kulipwa mwaka 1986, akiwa na miaka 11. Mwaka 1992, akiwa na miaka 16, alishinda Kombe la Tong Yang na kuwa bingwa wa dunia. Walimpa jina la Buda wa Jiwe kwa jinsi uso wake ulivyokuwa hauonyeshi kitu. Wapinzani wake walikuja kutambua kwamba Lee alianza kuhesabu mapema kuliko wao. Wakati wengine bado wanatafuta vita, yeye alishajua kwamba yuko mbele kwa pointi moja au nusu, akachagua njia tulivu zisizo na hatari, akazifunga sehemu za mpaka moja baada ya nyingine. Mara nyingi mpinzani aliligundua pengo likiwa limeshakuwa la nusu pointi, na hakuna sehemu iliyobaki ya kulizibia.

Kuna mambo mawili ambayo hesabu hii haiyasemi yenyewe, na mchezaji anapaswa kuyaangalia kwa macho.

La kwanza ni kwamba sente si sifa ya kudumu ya hatua. Ni uhusiano kati ya tishio na sehemu nyingine za ubao. Ile hatua ya mahali pa nne ilikuwa sente kwa sababu tishio lake lilizidi pointi 10, na hakuna sehemu nyingine iliyofikia hapo. Ingechezwa kwenye kete ya 80, wakati bado kuna sehemu zenye thamani ya pointi 20, Mweupe angeiacha, akachukua sehemu kubwa, na Mweusi angejikuta ameweka kete ukingoni ili kuvuna kidogo. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: umeweka kete ukisubiri jibu, na mwenzako ameenda upande mwingine bila kusita. Ukiona hivyo, usiudhike naye. Rudi kwenye hesabu yako na uulize kama tishio lako kweli lilikuwa kubwa kuliko alichokwenda kukichukua.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo ni kwamba sente haipaswi kuchezwa mapema bila sababu. Kuna hali inayoitwa ko, ambapo kila mchezaji anaweza kuteka kete moja ya mwenzake kwa kupokezana, na kanuni inakataza kuirudisha papo hapo. Lazima kwanza ucheze mahali pengine. Anayepigana ko huhitaji vitisho ambavyo mwenzake hawezi kuviacha. Kila sente uliyoihifadhi ni kitisho ghalani, na ukishaicheza ghala limepungua. Wachezaji wazuri huizungusha mizani hii: ninaitunza sente yangu hadi siku ambayo mwenzangu atapata faida kuizima, halafu ninaicheza kabla yake. Katika ubao wetu ko haikuwepo, na sente ya kinyume ya Mweupe ilikuwa imeshalingana na hatua kubwa kuliko zote. Siku yenyewe ilikuwa imefika.

La pili ni kwamba kanuni ya kuchukua kubwa kwanza inaweza kukosea sehemu zikibaki chache na moja yao ina mwendelezo. Tuseme zimebaki mbili. Ya kwanza ni ya gote tupu: Mweusi akiwahi anapata 7, Mweupe akiwahi Mweusi anapata 0. Kwa zamu ni 3.5. Ya pili ina ngazi mbili: Mweupe akiwahi, Mweusi hana kitu, Mweusi akiwahi, mlango mwingine unafunguka, ambao Mweusi akiupita anafika pointi 8, na Mweupe akiufunga Mweusi anabaki na 4. Wastani wa 8 na 4 ni 6, basi hatua ya kwanza hapo ina ukubwa wa 6, na kwa zamu ni 3. Orodha inasema anza na ile ya 3.5.

Mweusi akiifuata, anachukua 7, na Mweupe anaifunga ile ya pili. Jumla 7. Lakini akianza na ile ndogo, Mweupe yuko kwenye njia panda. Akiufunga mlango, Mweusi ana 4 na anachukua 7, jumla 11. Kwa hiyo Mweupe anachukua ile ya 7 aifanye kuwa 0, na Mweusi anapita mlangoni na kufika 8. Jumla 8. Hatua iliyopimwa kuwa ndogo imeleta pointi moja zaidi, kwa sababu ilimhakikishia Mweusi kuwa wa mwisho kuchuma. Kupigania kete ya mwisho yenye faida kumeandikiwa vitabu vizima. Mwaka 1994, mwanahisabati Elwyn Berlekamp wa Chuo Kikuu cha Kalifonia huko Berkeley, pamoja na David Wolfe, walichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi hisabati inavyoweza kumpata mwenye haki ya pointi ile ya mwisho, hata pale ambapo jicho la mchezaji linaona sehemu zote zinalingana.

Kwa hiyo mchezaji makini hutumia kipimo cha zamu kuchuja. Zikiwa zimebaki sehemu 15, haiwezekani kuzijaribu kwa kila mpangilio, na hasa saa ikiwa inamhesabia sekunde 30 kwa kila hatua. Anazipima, anazipanga, anacheza kubwa. Zikibaki mbili au tatu, anaacha kutegemea orodha na kuzicheza akilini hadi mwisho, kila mpangilio, kama tulivyofanya hapa, halafu anachagua.

Na anayetaka kujua kama amekosea ana njia moja ya hakika. Mchezo ukiisha, aurudishe ubao mahali zilipobaki sehemu nne au tano, achore hesabu ya kila moja pembeni, kisha acheze mipangilio miwili na kuhesabu jumla ya kila mmoja. Katika ubao wetu, mpangilio mmoja unaleta 7, mwingine 6, mwingine 5. Kete zilizowekwa ni zile zile, kwenye njia panda zile zile za mpakani. Kilichobadilika ni nani alilipa zamu, na alilipia nini.